Pilau ya harusi iive saa ngapi, na ikae kwenye joto gani hadi wageni wale?

*Shikamoo Bibi. Binti yangu anaolewa mwezi ujao hapa Tanga, wageni 300. Anapika mpishi wa mtaani na vijana wake: pilau, mchuzi wa nyama na kuku wa kukaanga. Anataka nyama ichemshwe Ijumaa usiku, pilau iive saa tisa alasiri ya Jumamosi, na chakula kipelekwe ukumbini saa kumi na mbili. Kadi inasema saa moja usiku, lakini mwenyewe unajua, watu watakula saa nne. Mwaka jana kwa jirani yetu wageni walikula mchana, usiku wa manane nusu ya mtaa ikawa inaharisha, ingawa hakutapika mtu. Chakula kikae kwenye joto gani kisiharibike? Na hivi vyombo vya bufee vya kukodi vinatosha?*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumwoza binti.

Nianze na namba, kwa sababu ndiyo uliyoiulizia. Chakula kilichopikwa kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, tangu kinapotoka motoni hadi kinapoingia kwenye sahani ya mgeni. Hizo nyuzi 60 ni za chakula chenyewe, mahali palipopoa kuliko pengine pote, si za maji yaliyo chini yake wala za mvuke unaokupiga usoni ukifunua. Mimi ningekutaka ushike 65, ili mtu akisahau mfuniko wazi kwa dakika kumi usiwe umeshavuka mpaka. Vyombo vya bufee peke yake havitoshi, nitakueleza kwa nini. Na ratiba ya mpishi wako ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyombo.

Ukisoma huku na huko utakuta namba zinatofautiana kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya 60. Sheria ya Uingereza inasema 63, na mwongozo wa Marekani unasema 57. Usichanganyikiwe. Bakteria wanaotusumbua kwenye vyakula vya sherehe huacha kuzaliana joto likipita nyuzi 50 na ushee, na kila nchi imejiongezea juu ya hapo kiasi cha usalama inachoona kinafaa. Kwa ukumbi wa Tanga wenye feni zinazozunguka na mlango usiofungwa, mimi naegemea upande wa juu.

Sasa turudi kwa jirani yako. Watu walikula mchana, wakaanza kuharisha usiku wa manane, tumbo likisokota, na hakuna aliyetapika. Bila kupima kinyesi na masalia ya chakula huwezi kuapa, lakini mwendo huo ni wa bakteria mmoja anayejulikana sana kwa wanaopikia watu wengi: Klostridiamu perfrinjensi. Huyu hukaa kwenye udongo, kwenye matumbo ya wanyama, na kwa hiyo kwenye nyama. Ujanja wake ni kwamba hutengeneza mbegu ngumu ambazo kuchemka hakuziui. Unachemsha nyama saa mbili nzima, bakteria wengine wote wanakufa, mbegu zake zinabaki. Tena moto huo ndio unaoziamsha. Nyama ikianza kupoa, mbegu zinaota, na sasa hakuna mshindani aliyebaki kwenye sufuria.

Anachokipenda huyu ni uvuguvugu. Penye nyuzi kama 43 hadi 45 anaweza kuongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Fanya hesabu: wakiwepo 100 tu kwenye gramu moja ya nyama, baada ya saa mbili za joto hilo wanafika kama 400,000, na nusu saa nyingine wamepita milioni tatu. Hapo ndipo mtu akila sahani moja anaumwa, kwa kuwa wanaingia tumboni wakiwa hai na wengi, na sumu wanaitengenezea humo humo. Ndiyo maana maumivu huja baada ya saa nyingi, mara nyingi kati ya 8 na 12, wakati mgeni keshafika kwake na keshalala.

Sasa itazame nyama ya Ijumaa usiku kwa jicho hilo. Tuseme ni kilo 45 kwenye sufuria kubwa, pamoja na supu yake. Inatolewa motoni saa tano usiku ikiwa inatokota, inafunikwa, watu wanakwenda kulala. Chakula kingi namna hiyo hupoa polepole mno. Pembeni kinashuka kwanza, katikati kinachelewa, na kufikia alfajiri mpishi anaweka mkono kwenye sufuria na kusema kwa furaha, "Bado ina joto, haijaharibika." Kumbe joto hilo analolisifia ndilo lenyewe. Sufuria imepita saa kadhaa kati ya nyuzi 50 na 35, mahali ambapo mbegu zile zinaota na kuzaliana. Ingekuwa imepoa kabisa ndani ya muda mfupi ingekuwa salama zaidi, na ingebaki inachemka usiku kucha ingekuwa salama pia. Kilichoiharibu ni kukaa katikati.

Mpishi atakujibu kwamba asubuhi ataichemsha tena. Ni kweli kwamba kuchemsha kikamilifu huwaua perfrinjensi waliokwisha kuota, na hapo atakuwa amekuokoa kwa sehemu kubwa. Lakini nimeona mara nyingi kinachofanyika asubuhi: mkaa ni kidogo, watu wana haraka, supu inaanza kutoa mapovu pembeni na sufuria inateremshwa, ilhali katikati nyama haijafika popote. Halafu wapo wadudu wengine ambao kuchemsha tena hakufuti walichokwisha kukifanya. Kwenye wali na pilau yupo Basilasi sereusi, naye ana mbegu zinazovumilia moto. Chakula kikikaa vuguvugu anaweza kuacha humo sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Na kwenye mikono na pua za wapishi yupo Stafilokokasi, ambaye sumu yake nayo huvumilia kuchemka. Hawa wawili utawatambua kwa haraka yao: mtu anaweza kuanza kutapika saa moja hadi sita tu baada ya kula. Kwa hiyo chakula kilichokaa vuguvugu usiku kucha usikitegemee kuponywa na moto wa asubuhi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu kuonja na kunusa, maana kila jiko la harusi lina bibi mmoja anayeaminiwa kwa ulimi wake. Bibi huyo anajua kuchacha. Mchuzi ukichacha una mapovu, wali uliochacha unateleza na kutoa harufu, na ulimi unaukataa. Lakini wanaochachisha chakula siyo wanaoleta ugonjwa huu. Nyama yenye perfrinjensi milioni kwa gramu inaweza kuwa na harufu nzuri ya tangawizi na kitunguu saumu kama ilivyokuwa usiku. Ulimi wa bibi uheshimiwe kwenye chumvi, kwenye usalama tutumie kipimajoto.

Nacho si cha gharama ya kutisha ukilinganisha na bajeti ya maua. Tafuta kile chenye sindano ndefu ya chuma, kinachosomeka angalau kuanzia sifuri hadi nyuzi 100. Kile cha kupimia homa hakifai, huishia nyuzi 42 au karibu na hapo. Kabla ya siku yenyewe kijaribu: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza sindano na usubiri. Kisome sifuri, au karibu na sifuri kwa nyuzi moja. Huko kwenu pwani unaweza kukijaribu pia kwenye maji yanayotokota, yatasoma 100. Ndugu zenu wa Arusha wasifanye hivyo wakakitupa bure, maana kule juu maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi. Wakati wa kupima chakula, ifute sindano kwa spiriti au maji ya moto kila unapohama sufuria, na usiguse mfupa wala chuma cha chombo, vinadanganya.

Sasa ratiba. Ukiifuata ya mpishi, pilau itaiva saa tisa na kuliwa saa nne usiku. Hizo ni saa saba. Inawezekana kukitunza chakula saa saba juu ya nyuzi 60 ukiwa na vifaa, lakini kwa mkaa na mablanketi ni kujitafutia kazi, na pilau yenyewe itakuwa imekauka pembeni na kuvurugika katikati. Dawa nyepesi kuliko zote ni kupunguza hizo saa. Usijadiliane naye juu ya bakteria, jadili naye saa ya kuwasha moto.

Kwa wageni 300 chukua mchele kilo 36, ukigawa kilo moja kwa watu wanane hivi, kisha ugawe kwenye sufuria tatu za kilo 12 kila moja. Sufuria moja kubwa ya kilo 36 ni fahari ya macho, lakini inaiva bila usawa, na ukishaichota nusu, nusu iliyobaki inapoa upesi humo ndani. Nyama ianze kuchemshwa Jumamosi saa saba mchana. Ikiiva, sehemu ya mchuzi iungwe na iachwe juu ya moto mdogo, ikitoa povu moja moja, mpaka wakati wa kupakua. Mchuzi ndio chakula rahisi kuliko vyote kukitunza: ni majimaji, joto linazunguka lenyewe, na ukiukoroga kila baada ya nusu saa unajua hakuna kona iliyolala. Ukikauka, ongeza maji yanayochemka, si ya bomba.

Pilau ya kwanza iingie motoni saa kumi na mbili jioni, ya pili saa moja, ya tatu saa mbili kasoro. Kwa hesabu ya saa moja na nusu mpaka kupaliwa na kuiva, ya kwanza itakuwa tayari saa moja na nusu usiku na ya mwisho kama saa tatu na robo. Wageni wakila saa nne, ile iliyongoja zaidi imengoja saa mbili na nusu tu. Na wakichelewa hadi saa tano kwa sababu bwana harusi amekwama kwa kinyozi, bado una nafasi. Kuku aje mwisho kabisa, akaangwe kuanzia saa mbili. Kuku mkavu hupoa haraka kuliko chochote kwenye orodha yako, vipande vimetengana na kila kimoja kinapigwa na hewa, na ukimlazimisha kukaa kwenye joto kwa saa tatu atakuwa kama kamba. Akiiva apangwe kwenye hotpoti kubwa iliyokwisha kupashwa kwa maji yanayochemka dakika kumi na kukaushwa. Hotpoti baridi hunyang'anya chakula joto lake la kwanza, watu wengi hawalijui hili.

Haya yote yanataka jiko liwe nyuma ya ukumbi. Waulize mapema kama wanaruhusu kupika kwa mkaa au gesi uani. Nyumba nyingi za sherehe zinakubali. Wasipokubali, pikeni nyumbani lakini saa zibaki zile zile, na kirikuu ije kuchukua sufuria zikiwa zimetoka motoni, isije saa kumi na mbili kwa sababu tu dereva ana safari nyingine. Sufuria ya pilau iliyojaa, yenye mfuniko uliobana, iliyowekwa juu ya gunia kavu badala ya bati tupu la gari na kuviringishiwa blanketi zito pande zote na juu, hutunza joto vizuri ajabu. Niliwahi kupima moja iliyosafiri hivyo: ilitoka ikiwa na nyuzi 94 katikati, na baada ya saa moja na nusu katikati ilikuwa 86. Lakini pembeni kabisa, kidole kimoja kutoka ukutani mwa sufuria, ilikuwa 71. Ungepima katikati tu ungejidanganya kwa nyuzi kumi na tano.

Ndiyo maana nasema pima palipopoa. Kwenye sufuria ya pilau hapo ni pembeni na juu, chini tu ya mfuniko. Ikifika ukumbini, iwekwe juu ya jiko lenye mkaa uliofifia, uliofunikwa na majivu, na makaa machache yapaliwe juu ya mfuniko kama mlivyozoea. Kupalia si kwa ajili ya kuivisha peke yake, ndiyo namna bora niijuayo ya kulinda ile sehemu ya juu inayopoa kwanza. Ukiona 65 pembeni, acha. Ukiona 62, ongeza makaa. Na mfuniko usifunguliwe na kila shangazi anayepita kuuliza kama pilau imetoka nzuri.

Jambo moja la pembeni, nisipolisema nitajuta. Wapo wapishi wanaotandika nailoni juu ya wali, chini ya mfuniko, ili mvuke usitoke. Mkatazeni. Nailoni hiyo haikutengenezwa kwa joto la sufuria yenye makaa juu yake, na nimeshaiona imeyeyuka ikagandana na wali. Jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa motoni linafanya kazi ile ile.

Sasa vyombo vya bufee, vile vya kung'aa vyenye trei ya chakula juu, maji chini, na vikopo viwili vya jeli vinavyowaka chini kabisa. Kosa kubwa ni kudhani vinapasha. Havina nguvu hiyo. Vijimoto vile vinaweza kukizuia chakula cha moto kisipoe, lakini ukitia pilau yenye nyuzi 50 itazunguka kwenye hamsini hiyo hiyo saa nzima, ikipashwa taratibu katika joto wanalolipenda wadudu. Kwa hiyo kinachoingia humo kiwe kimepimwa na kiwe juu ya 75.

Mara nyingi vyombo hivyo hupangwa mapema ili ukumbi upendeze, maji ya bomba yakatiwa, na vikopo vikawashwa wakati MC anawaita watu mezani. Maji baridi yatachukua muda mrefu kupata moto, na katika muda huo yanakinyonya chakula joto. Tieni maji yanayochemka, kina cha vidole viwili, washeni vikopo vyote viwili, funikeni, na acheni dakika 20 kabla ya trei ya chakula kuingia. Trei yenyewe isijazwe juu ya ukingo, maana kinachozidi ukingo hakiguswi na joto la chini. Tazameni feni. Feni ya ukutani ikielekea mezani inapeperusha moto wa jeli pembeni, na kikopo kimoja kikizimika hakuna anayeona. Mtu mmoja, mwenye akili tulivu, apewe kazi ya kuinama na kuvitazama kila robo saa, na awe na vikopo vya akiba, maana muda wa kuwaka hutofautiana kwa aina. Soma ulioandikwa kwenye kopo.

Mfuniko ukiwa wazi, chombo cha bufee kinashindwa kazi. Juu ya trei ndipo panapopoa, na wageni 300 wakipita mstari mmoja mifuniko hubaki wazi kwa saa nzima. Kwa hiyo usiweke chakula kingi mezani. Weka trei za kina kidogo, zitakazoisha ndani ya nusu saa hivi, kisha leta nyingine kutoka sufuriani. Trei mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani nzima nzima. Kumwagia pilau ya moto juu ya mabaki ya trei kunafanya yale ya chini, yaliyokaa muda mrefu kuliko yote, yasiishe kamwe, na aliye mwisho wa mstari ndiye atakayeyala.

Ikitokea umepima ukakuta 54, fanya hivi. Jiulize: mara ya mwisho kupima ilikuwa lini na ilisoma ngapi? Kama nusu saa iliyopita ilikuwa 63, hujachelewa. Kirudi motoni, si kwenye chombo cha bufee, kipashwe mpaka 75 kila mahali, na kazi hiyo imalizike haraka, ndani ya saa moja. Mchuzi uchemke kabisa huku unakorogwa. Pilau inyunyizwe maji ya moto kidogo, igeuzwe kutoka pembeni kuja katikati, ipaliwe, na upime sehemu nne au tano. Hilo hufanyika mara moja tu. Na kama hakuna anayejua kimekuwa chini ya 60 tangu lini, mwanangu, kimwage. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida la chumba, na chumba chenu usiku huo chenye watu 300 hakitakuwa cha baridi. Ndiyo sababu nataka kila kipimo kiandikwe: saa, sufuria ipi, nyuzi ngapi. Daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi vinatosha. Pima kila nusu saa kabla ya kula, na kila trei inapotoka kwenda mezani.

Kachumbari ina kanuni yake ya upande wa pili: ikae kwenye deli lenye barafu, chini ya nyuzi 5, itolewe kidogo kidogo. Usiiweke kabisa pembeni ya trei za moto.

Ukiniambia mpishi ameshikilia nyama ya Ijumaa kwa sababu Jumamosi hana mikono ya kutosha, basi kuna njia moja tu ninayoikubali. Nyama ikiiva itolewe kwenye supu, ikatwe vipande vidogo, itandazwe kwenye trei kwa kina kisichozidi sentimita tano, na trei zikae juu ya barafu nyingi zikipigwa na feni. Kipimo cha Wamarekani ni kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kwa nyama kilo 45 utahitaji barafu nyingi, na baada ya hapo jokofu lenye nafasi ya kweli. Friji ya nyumbani haiwezi. Ukiisokomeza nyama hiyo ya moto humo, yenyewe haitapoa kwa wakati na maziwa yako yataharibika pia. Piga hesabu ya barafu mbele yake, nadhani ataona kuwa kuajiri vijana wawili zaidi Jumamosi ni nafuu.

Kuhusu kiporo. Wageni wakishaondoka, kilichokuwa mezani kimekwisha kazi, hakirudi sufuriani na hakifungiwi mtu. Kilichobaki jikoni kwenye sufuria, na daftari linaonyesha hakikushuka chini ya 60, hicho ni chakula kizuri. Ndugu wakichukue usiku huo huo kikiwa cha moto wakale, au kitandazwe kwenye sinia pana kipoe upesi na kiingie kwenye friji kwa mafungu madogo ndani ya saa mbili, kisha kesho kipashwe mpaka kitoe moshi katikati, mara moja, kiliwe kiishe. Kinachokatazwa ni ile sufuria ya nusu iliyofunikwa na kusukumwa kwenye kona ya uani saa saba usiku kwa kuwa kila mtu kachoka, ambayo saa nne asubuhi inapelekewa moto kidogo ili waliolala hapo kwa shughuli wapate cha kula. Teua mapema, kwa jina, mtu ambaye hatacheza kwaito wala taarabu usiku huo mpaka sufuria ya mwisho iwe imetandazwa.